Siri ya barafu kuelea, na somo lake kwa maziwa ya Mbulu na Hanang

KATI ya Juni na Agosti kila mwaka, wakazi wa Mbulu mjini na Katesh hutoka nyumbani asubuhi wakiwa wamejifunga mashuka na kuvaa makoti mazito. Ukungu hutanda juu ya mashamba, upepo hushuka kutoka Mlima Hanang wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na maji ya bomba huuma mikono. Hata hivyo, hakuna mkazi wa wilaya hizo mbili za Mkoa wa Manyara aliyewahi kuamka na kulikuta Ziwa Basotu au Ziwa Tlawi limefunikwa na barafu.

Katika nchi za kaskazini ya dunia, jambo hilo ni la kawaida. Ziwa hufunikwa na barafu kwa miezi kadhaa, watu wakatembea juu yake, wengine wakapitisha hata magari, huku samaki wakiendelea kuishi chini. Barafu ikiyeyuka, ziwa huwa lilelile na samaki ni walewale.

Jambo hilo huwezekana kwa sababu mbili zinazoonekana ndogo. Ya kwanza ni kwamba barafu huelea juu ya maji. Ya pili, ambayo haijulikani sana, ni kwamba maji huwa mazito kuliko wakati mwingine wowote yakiwa na joto la nyuzi 4 za Selsiasi, na si yanapokaribia kuganda. Kanuni hiyo hiyo inatawala maziwa ya Mbulu na Hanang, ingawa kwa namna tofauti kabisa, kwa kuwa maziwa haya hayafikii nyuzi 4 hata siku moja.

Uzito wa lita moja

Ili kuelewa suala hili, inatosha kufikiria lita moja ya maji safi, yasiyo na chumvi, inayowekwa kwenye mizani katika viwango tofauti vya joto.

Yakiwa na nyuzi 25, lita hiyo ina uzito wa takriban gramu 997.0. Yakipozwa hadi nyuzi 20, lita moja huwa na gramu 998.2, na kwenye nyuzi 10 huwa na gramu 999.7. Mpaka hapo maji yanafanya kama vitu vingine vingi: yanapopoa husinyaa, hivyo chombo chenye ukubwa uleule hubeba maji mengi zaidi.

Yakifika nyuzi 4 (kwa usahihi zaidi ni nyuzi 3.98), lita moja huwa na karibu gramu 1,000 kamili. Hicho ndicho kilele. Yakiendelea kupozwa, maji huacha kusinyaa na kuanza kutanuka. Kwenye nyuzi 0, kabla hayajaganda, uzito wa lita moja hushuka tena hadi gramu 999.8.

Tofauti hiyo ni ndogo mno kiasi kwamba mizani ya dukani haiwezi kuiona. Mabadiliko makubwa hutokea maji yanapoganda. Lita moja ya barafu ina uzito wa takriban gramu 917 tu. Maana yake ni kwamba lita moja ya maji ikiganda hutoa barafu ya ujazo wa karibu lita 1.09. Ndiyo sababu chupa ya kioo iliyojazwa maji hadi mdomoni na kusahauliwa kwenye friza hupasuka. Barafu inahitaji nafasi ya ziada ya asilimia 9, na kioo hakina pa kuitoa nafasi hiyo.

Kwa kuwa ni nyepesi kuliko maji yanayoizunguka, barafu huelea. Lakini haielei yote. Zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kipande cha barafu huwa chini ya maji, na kinachojitokeza juu ni kile kidogo kilichosalia. Anayetia kipande cha barafu kwenye glasi ya maji ataliona hilo bila kifaa chochote.

Kwa nini maji ni tofauti

Vitu vingi vinapoganda huwa vizito zaidi kwa ujazo uleule. Mafuta ya nazi yaliyoganda huzama katika mafuta ya nazi yaliyoyeyuka, na mshumaa mgumu huzama ndani ya nta iliyoyeyuka. Sababu ni kwamba chembe zake zinapopoteza joto hutulia na kujipanga kwa karibu zaidi.

Chembe ya maji, yaani molekuli, ina atomu moja ya oksijeni na atomu mbili za haidrojeni, ndiyo maana fomula yake huandikwa H₂O. Atomu za haidrojeni za molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli jirani. Mvuto huo, unaojulikana kama kifungo cha haidrojeni, una mwelekeo maalumu. Haukubali molekuli zijibane ovyo, bali huzitaka zikae kwenye pembe fulani.

Maji yanapoganda, kila molekuli hushikana na majirani wanne na kujipanga katika umbo lenye pande sita, mithili ya sega la nyuki. Katikati ya mpangilio huo hubaki nafasi tupu. Molekuli zilizojipanga hivyo huchukua eneo kubwa kuliko zilipokuwa zikisukumana katika maji ya majimaji, na hiyo ndiyo sababu barafu ni nyepesi.

Hali ya nyuzi 4 hutokana na mvutano wa nguvu mbili. Maji yanapopoa, molekuli hupunguza mtikisiko na kusogeleana, jambo linaloyafanya yawe mazito. Wakati huohuo, kadiri baridi inavyoongezeka, molekuli nyingi zaidi huanza kushikana kwa muda mfupi katika mpangilio wenye nafasi, jambo linaloyafanya yawe mepesi. Juu ya nyuzi 4 nguvu ya kwanza hushinda, na chini yake hushinda ya pili. Kwenye nyuzi 4 zenyewe nguvu hizo zinalingana.

Jaribio la mwaka 1805

Tabia hiyo ya maji ilithibitishwa kwa jaribio rahisi na Thomas Charles Hope, mwalimu wa kemia katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1805. Wanafunzi wa fizikia wa sekondari bado hufundishwa jaribio hilo kwa jina lake.

Chombo kirefu chenye umbo la mche duara hujazwa maji ya joto la kawaida. Kipimajoto kimoja huwekwa karibu na juu na kingine karibu na chini. Kisha katikati ya chombo, kwa nje, huzungushiwa mchanganyiko wa barafu na chumvi ili kupoza maji ya eneo hilo tu.

Mwanzoni, kipimajoto cha chini ndicho kinachoshuka. Maji ya katikati yanapopoa huwa mazito na kuzama, huku ya juu yakibaki na joto lake. Kipimajoto cha chini kinashuka hadi nyuzi 4 na kusimama hapo. Baada ya muda, kile cha juu, ambacho kilikuwa kimetulia, huanza kushuka, kikapita nyuzi 4 na kuendelea hadi 0, ambako barafu huanza kujitokeza. Maji ya katikati yaliyopoa chini ya nyuzi 4 yamekuwa mepesi, hivyo sasa yanapanda badala ya kuzama.

Jaribio hili halipaswi kuchanganywa na lile lililomfanya Mtanzania Erasto Mpemba ajulikane duniani. Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa kwenye friza ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopozwa kwanza, na mwaka 1969 yeye na Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakachapisha makala juu ya suala hilo. Swali la Mpemba lilihusu muda wa kuganda. La Hope lilihusu mahali ambapo maji baridi huenda: juu au chini. Kwa uhai wa ziwa, hilo la pili ndilo lenye uzito.

Ziwa la Kanada, hatua kwa hatua

Wakazi wa Basotu wamewahi kuishi jirani na watu wanaoyajua vizuri maziwa yanayoganda. Kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ya Kanada ilifadhili mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Hanang, yaliyokuwa chini ya Shirika la Taifa la Chakula na Kilimo (NAFCO). Kwenye nyika za ngano za Kanada, kama zile za jimbo la Saskatchewan, maziwa huganda takriban kuanzia Novemba hadi Aprili, na usiku baridi inaweza kufikia nyuzi 30 chini ya sifuri.

Tuchukue ziwa la huko lenye kina cha mita 10. Mwezi Septemba maji yake ya juu yana nyuzi 15. Usiku unapokuwa mrefu na hewa kupoa, tabaka la juu hupoteza joto, huwa zito na kuzama. Maji ya chini yenye joto zaidi hupanda kuchukua nafasi yake, nayo hupoa kwa zamu. Upepo husaidia kukoroga. Ziwa lote, kutoka juu hadi chini, hupoa kwa pamoja: nyuzi 12, kisha 10, kisha 7.

Mzunguko huo una faida kubwa. Maji yaliyokuwa juu yamebeba oksijeni kutoka hewani, na sasa yanaipeleka hadi kwenye tope la chini. Ziwa linavuta pumzi ndefu kabla ya kufunikwa.

Ziwa lote likifika nyuzi 4, kanuni inageuka. Maji ya juu yanayopoa hadi nyuzi 3 au 2 hayazami tena kwa kuwa sasa ni mepesi kuliko yaliyo chini. Yanabaki juu na kuendelea kupoa peke yake. Kama usiku huo hakuna upepo, tabaka hilo jembamba hufika nyuzi 0 haraka na utando wa kwanza wa barafu huonekana kufikia alfajiri.

Kuanzia hapo barafu yenyewe inakuwa kinga. Kila kilo moja ya maji inayoganda huachia joto linalotosha kupasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80, na joto hilo ni lazima lipenye kwenye barafu iliyokwisha kutanda ndipo liweze kutoka nje. Barafu ikiwa nene, joto hupita kwa shida. Kwa sababu hiyo, kama baridi ni ileile, kuongeza unene wa barafu mara mbili huhitaji takriban muda mara nne. Theluji ikianguka juu yake, inafanya kazi ya blanketi na kupunguza kasi hiyo zaidi. Mwisho wa majira ya baridi, barafu ya nyika hizo inaweza kufikia unene wa karibu mita moja, lakini chini yake zimebaki mita tisa za maji.

Maji yanayogusa barafu huwa na nyuzi 0, na kadiri mtu anavyoshuka joto huongezeka hadi kukaribia nyuzi 4 kwenye kina. Si kila ziwa hufika hapo sawasawa. Pale upepo mkali unapoendelea kukoroga ziwa baada ya kufikia nyuzi 4, maji yote yanaweza kushuka hadi nyuzi 2 au 1 kabla barafu haijashika. Vyovyote iwavyo, chini hubaki maji, na samaki hukaa humo wakiwa wametulia, wakitumia nguvu kidogo.

Kama barafu ingekuwa nzito kuliko maji, mambo yangekuwa mengine. Kila utando ungezama mara tu unapoundwa, ukiacha maji ya juu wazi kwa baridi ili yagande tena. Ziwa lenye kina kifupi lingejaa barafu kutoka chini kwenda juu, na samaki wangekosa pa kukaa.

Kinga hiyo, hata hivyo, ina gharama. Barafu huzuia oksijeni ya hewani isiingie, na theluji nene huzuia mwanga ambao mimea ya majini huuhitaji ili kutengeneza oksijeni. Katika maziwa yenye kina kifupi na tope jingi linalooza, oksijeni inaweza kwisha kabla ya Aprili na samaki wakafa chini ya barafu. Samaki wa maziwa ya nyika za Kanada hufa kwa njia hii mara kwa mara. Kwa hiyo kinachowaua kwa kawaida si kuganda, bali ni kukosa hewa.

Basotu inaishi kwa nusu ya kanuni

Ziwa Basotu liko katika eneo la mashimo ya volkano za kale, magharibi ya Mlima Hanang, na maji yake ni baridi yasiyo na chumvi nyingi. Ziwa Tlawi, lililo karibu na mji wa Mbulu, nalo ni ziwa dogo la maji baridi. Kwa nini hayagandi ilhali asubuhi za Julai ni kali kiasi kile?

Jibu ni kwamba ziwa halifuati baridi ya alfajiri moja, bali wastani wa joto la wiki nyingi. Maji huhifadhi joto jingi, na jua la mchana katika nyanda hizi hurudisha karibu lote lililopotea usiku. Ili ziwa lianze kuganda, ni lazima kwanza maji yote yashuke hadi nyuzi 4, na hilo linahitaji wiki kadhaa mfululizo ambazo mchana na usiku vyote ni baridi sana. Wiki za namna hiyo hazipo Mbulu wala Hanang.

Kwa maana hiyo, maziwa haya yanaishi katika nusu moja tu ya kanuni ya Hope, ile ya juu ya nyuzi 4, ambapo maji baridi daima ni mazito na daima huzama. Hapa ndipo hesabu inapotoa jibu ambalo wengi hawalitarajii.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, ziwa la aina hii lina maji ya nyuzi 24 juu na nyuzi 21 chini mwishoni mwa msimu wa joto. Lita moja ya maji ya juu ina gramu 997.3, na ya chini ina gramu 998.0. Tofauti ni gramu 0.7. Sasa tulinganishe na ziwa la Saskatchewan chini ya barafu, lenye nyuzi 1 juu na nyuzi 4 chini. Hapo pia tofauti ya joto ni nyuzi tatu, lakini tofauti ya uzito ni takriban gramu 0.07 tu kwa lita.

Nyuzi tatu za Hanang zina nguvu mara kumi ya nyuzi tatu za Kanada. Sababu ni kwamba karibu na nyuzi 4 uzito wa maji haubadiliki sana, ilhali kwenye joto la kitropiki kila nyuzi moja huleta badiliko kubwa. Ziwa la Kanada huweza kudumisha tabaka zake dhaifu kwa sababu barafu imelifunika na upepo hauligusi. Ziwa la Hanang halina paa hilo, lakini tabaka zake zimeshikana kwa nguvu zaidi, kiasi kwamba tofauti ndogo ambayo mwogeleaji angeihisi kwa shida yatosha kuzuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike.

Wakati tabaka hizo zimetengana, maji ya chini hayapati oksijeni. Majani, kinyesi cha mifugo kilichosombwa na mvua na viumbe vilivyokufa huzama na kuoza huko, vikitumia oksijeni iliyokuwepo. Ikiisha, kuoza huendelea bila hewa na kuzalisha gesi yenye harufu ya yai viza. Yote hayo hubaki chini, yamefungiwa na tofauti ile ya gramu 0.7.

Kisha huja Juni. Usiku wa baridi hupoza maji ya juu kutoka nyuzi 24 hadi 23, kisha 22. Kila hatua hupunguza tofauti ya uzito. Maji ya juu yakifika nyuzi 21, kizuizi kimekwisha, na upepo wa siku moja au mbili unatosha kupindua ziwa zima. Mchanganyiko huo hufanya kazi ileile inayofanywa na Septemba na Oktoba huko Kanada: hupeleka oksijeni chini na kuleta juu virutubisho vinavyolisha mwani, ambao nao hulisha samaki.

Dalili za ziwa lililopinduka

Ziwa likipinduka polepole, kwa wiki kadhaa, samaki hunufaika. Tatizo huja linapopinduka kwa ghafla baada ya kukaa muda mrefu limetengana. Maji ya chini yasiyo na oksijeni huchanganyika na ya juu kwa mara moja, na kiwango cha oksijeni hushuka katika ziwa zima.

Dalili zake zinaweza kutambuliwa na mvuvi yeyote. Rangi ya maji hubadilika kwa usiku mmoja, mara nyingi kuwa ya kahawia au kijivu. Harufu ya yai viza husikika ufukweni. Asubuhi na mapema, kabla jua halijapanda, perege huonekana wamejaa juu ya maji wakipanua midomo. Saa hiyo ndiyo mbaya zaidi kwa sababu usiku kucha mimea ya majini imekuwa ikitumia oksijeni bila kuitengeneza.

Aina ya samaki waliokufa nayo hutoa ushahidi. Kambale wana uwezo wa kuvuta hewa moja kwa moja juu ya maji, hivyo hustahimili maji yaliyokosa oksijeni. Pale perege wanapokufa kwa wingi huku kambale wakibaki hai, ukosefu wa oksijeni ndio wa kushukiwa kwanza. Pale kambale nao wanapokufa, sumu huwa na uwezekano mkubwa zaidi, na suala hilo ni la kupelekwa kwa ofisa uvuvi bila kuchelewa. Katika hali zote mbili, samaki waliokutwa wamekufa hawafai kuliwa.

Kupima tabaka hakuhitaji maabara. Chupa yenye jiwe la kuizamisha hufungwa kizibo kilichounganishwa na kamba ya pili. Ikifika kwenye kina kinachotakiwa, kizibo huvutwa, chupa hujaa, na joto la maji hupimwa mara tu inapotolewa. Vipimo vikichukuliwa kila mita moja, katika sehemu yenye kina kirefu, huonyesha mahali tabaka zinapotengana. Vikirudiwa kila wiki kuanzia Mei, huonyesha kizuizi kinavyokwisha. Ni vema kupima kabla jua halijapanda, kwa kuwa jua la mchana hupasha tabaka jembamba la juu na kumpotosha mpimaji.

Balangida: chumvi inapotawala

Si maji yote ya wilaya hizi yanafuata hesabu hiyo. Ziwa Balangida, lililo bondeni chini ya Mlima Hanang, lina chumvi nyingi kiasi kwamba wakati wa kiangazi wakazi huikusanya ikiwa imeganda ufukweni. Ziwa Eyasi, upande wa magharibi wa Mbulu, nalo ni la chumvi.

Gramu moja tu ya chumvi ikiyeyushwa katika lita ya maji huongeza uzito wa lita hiyo kwa takriban robo tatu ya gramu. Hiyo inalingana na tofauti yote ya nyuzi 24 na 21 iliyoelezwa hapo juu. Kwa hiyo katika maziwa ya chumvi, joto si mtawala mkuu. Mvua inaponyesha, maji safi yanayotiririka huweza kukaa juu ya maji ya chumvi hata kama ni baridi zaidi, mpaka upepo uyachanganye.

Chumvi pia hubadilisha ile nyuzi 4 yenyewe. Kadiri chumvi inavyozidi, joto ambalo maji huwa mazito zaidi hushuka, na hushuka haraka kuliko joto la kugandia. Chumvi ikifikia takriban gramu 25 kwa kila kilo ya maji, viwango hivyo viwili hukutana. Maji yenye chumvi zaidi ya hapo, ikiwamo ya Bahari ya Hindi, huendelea kuwa mazito mpaka yanapoganda, bila kugeuka. Ndiyo sababu kanuni ya nyuzi 4 ni ya maziwa na mito, si ya bahari.

Joto linapoongezeka

Kupanda kwa joto la dunia kunayagusa maziwa ya aina zote mbili. Uchambuzi wa kumbukumbu za maziwa na mito ya kaskazini ya dunia kati ya mwaka 1846 na 1995 ulionyesha kuwa barafu ilikuwa ikichelewa kushika kwa karibu siku 6 kwa kila miaka 100, na kuwahi kuvunjika kwa zaidi ya siku 6.

Kwa Tanzania, ushahidi ulio wazi unatoka Ziwa Tanganyika. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2003 zilionyesha kuwa maji yake ya juu yalikuwa yamepata joto kuliko yale ya kina, tofauti ya uzito ikaongezeka, na mchanganyiko uliokuwa ukipandisha virutubisho ukapungua. Uzalishaji wa mwani, ambao ndio msingi wa chakula cha dagaa na migebuka, ulipungua pia.

Kwa ziwa dogo kama Basotu au Tlawi, hatari ni ya namna hiyohiyo. Msimu wa baridi usiofikisha maji ya juu kwenye joto la maji ya chini huacha kizuizi kikiwa kimesimama, na ziwa likaingia mwaka unaofuata bila kuvuta pumzi. Katika nchi za barafu, wavuvi huhesabu siku za ziwa kufunikwa. Katika nyanda za Manyara, kinachostahili kuhesabiwa ni usiku wa baridi wa Juni na Julai, kwa kuwa ndio unaolifungua ziwa hadi chini.